Nasafiri wiki nzima: nimwandikieje wakala wa tafsiri, na nimtajeje mwenzangu wa kunishikia?

KalamuYaTanga | Jumatatu 27 Julai, saa 3 usiku

Wakuu, habari za usiku. Mdogo wangu anaolewa Wete na mimi ndiye dada mkubwa, kwa hiyo kuanzia Jumatatu tarehe 10 hadi Jumapili tarehe 16 Agosti sitashika kompyuta. Sio kwamba Pemba hakuna mtandao, upo. Ila nyumba ya harusi mnaijua, ukifungua kompyuta tu unaitwa kumenya vitunguu.

Kampuni inayonipa kazi nyingi iko Nairobi. Ni mwaka wa nne sasa, na kazi zao karibu zote ni za afya: fomu za ridhaa za utafiti, vipeperushi vya wagonjwa, maneno ya programu za simu za kliniki. Kwa wiki huingia kama maneno elfu nane, mengi yakiwa vipande vya maneno 300 hadi 800. Nimezoea kukataa kazi mojamoja. Kuwaaga wiki nzima sijawahi.

Nina mwenzangu wa Mombasa, tumefahamiana zamani, kazi yake naijua. Nataka nimpendekeze anishikie. Barua yenyewe nimeiandika hivi, nisomeeni kabla sijatuma:

> Habari za leo dada. Samahani sana kwa usumbufu huu, najua mnanitegemea. Mdogo wangu anaolewa na kwa mila zetu dada mkubwa hawezi kukosa, hivyo wiki ya tarehe 10 nitakuwa na shughuli nyingi kidogo. Kama kuna kazi ya haraka sana bado mnaweza kunitafuta kwa Wasap. Pia nina rafiki yangu hodari sana wa Mombasa anaweza kufanya kazi zangu zote kwa bei ileile, namba yake ni hii hapa. Nitamtumia kumbukumbu yetu ya tafsiri ili maneno yafanane. Samahani tena.

Hofu yangu ni kwamba wakimpenda yeye, mimi nirudi nikute meza tupu. Mnasemaje?

---

NipoMaskati | Jumatatu, saa 4 usiku

Dada usiombe samahani kwa haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, na analipwa. Waandikie barua ya likizo, nakala kwa afisa utumishi. Wakikataa kuna CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi.

---

KalamuYaTanga | Jumatatu, saa 4 usiku

Asante kaka, ila mimi si mwajiriwa wao. Nalipwa kwa neno. Nisipofanya kazi silipwi, na afisa utumishi wangu ni mimi mwenyewe.

---

NipoMaskati | Jumatatu, saa 4 usiku

Ah, nimekusoma vibaya. Basi kula harusi.

---

MsukaManeno | Jumatatu, saa 5 usiku

Sikiliza uzoefu wa mtaani. Jina la mwenzako usilitaje kabisa. Ukimpa wakala jina umempa na funguo za duka. Fanya hivi: usiseme kwamba hupo. Mpe mwenzako nywila ya mfumo wao, apokee kazi kwa jina lako, afanye, wewe jioni unapitia kwa simu dakika kumi na kutuma. Hela ikiingia mnagawana, sabini kwa thelathini. Mteja hajui, wakala hajui, harusi umekula. Mimi nimefanya hivyo zaidi ya mara moja na sijawahi kukamatwa.

---

Bi_Nukta | Jumanne 28 Julai, saa 1 asubuhi

MsukaManeno, mimi ndiye niliyewahi kuwa "mwenzako" wa namna hiyo, acha nisimulie. Rafiki alikwenda msibani Songea akaniachia nywila. Kazi ilikuwa mwongozo wa mashine ya hospitali. Nikaufanya vizuri, kwa kadiri yangu. Kilichotuumbua ni kitu kidogo sana. Yeye miaka yote huandika "bonyeza kitufe", mimi naandika "bofya". Mhakiki aliyezoea mkono wake akaona ndani ya faili moja mtu ameanza kubofya kuanzia ukurasa wa tatu. Akauliza. Kampuni ikaangalia kumbukumbu za mfumo, ikaona mtu kaingia kutoka Dodoma wakati mwenye akaunti aliwaambia anaishi Dar. Mkataba ulisema wazi kwamba kazi haipewi mtu wa tatu bila ruhusa ya maandishi. Malipo yake ya mwezi mzima yakazuiwa, hata ya kazi alizofanya mwenyewe. Mimi sikupata hata ile thelathini, na urafiki ukaishia hapo.

Kwa hiyo kutokukamatwa kwako ni suala la muda. Kwenye nyaraka za afya ni hatari zaidi, maana mkataba wa usiri umesaini wewe, yeye hajasaini chochote.

---

ChaiNaKamusi | Jumanne, saa 2 asubuhi

KalamuYaTanga, nimesoma barua yako mara mbili. Nia ni njema, lakini msimamizi wa miradi akiisoma atabaki na swali moja: upo au haupo? Umesema utakuwa na "shughuli nyingi kidogo", kisha ukasema wakutafute kwa Wasap. Yeye ana jedwali lenye majina na siku. Anataka kupaka rangi kwenye siku saba na kusonga mbele. Ukimwachia mlango wazi atakutafuta Jumatano saa kumi jioni ukiwa umepakwa hina hadi kwenye viwiko, na atakuwa hajakosea.

Harusi si lazima uitaje. Ukitaja, iwe kwa maneno matatu.

Bei ya mwenzako si yako kuahidi. Labda anataka zaidi, labda kidogo. Na ukisema "bei ileile" umemwambia mwenzako bei yako, jambo ambalo mikataba mingi hailipendi. Namba yake ya simu usiitoe kabla hajakuruhusu.

Kubwa ni hilo la kumbukumbu ya tafsiri. Hilo faili la `.tmx` lina kila sentensi uliyowafanyia tangu uanze, na mikataba mingi ya mawakala inasema ni mali ya mteja. Ukilituma Mombasa kwa barua pepe umevunja mkataba wa usiri hata kama mwenzako ni malaika. Wakimkubali, watamfungulia wenyewe mlango kwenye seva yao, atayaona yale tu anayotakiwa kuona.

Sasa nina maswali mawili kabla hatujaandika upya. Una kazi gani mkononi leo? Na huyo mwenzako, wakala anamjua?

---

KalamuYaTanga | Jumanne, saa 3 asubuhi

Shikamoo mzee, asante. Mkononi nina fomu moja ya ridhaa, maneno 3,400, utafiti wa dawa. Faili nimeshapokea jana, ya kukabidhi Alhamisi tarehe 6 Agosti. Nilipanga niifanye polepole niikabidhi siku hiyohiyo, kisha Ijumaa nifungashe. Kwa hiyo kwenye ile wiki sitakuwa na deni lolote.

Mwenzangu wanamjua kidogo. Huwa wanampa kazi za kurudisha Kiswahili kwenye Kiingereza. Hata huo utafiti wa fomu zangu, nadhani ni yeye anayerudisha.

---

ChaiNaKamusi | Jumanne, saa 3 asubuhi

Marahaba binti yangu. Hapo kwenye "sitakuwa na deni" ndipo nilipokuwa napapasa. Deni unalo, ila halijafika.

Hesabu nami. Unakabidhi Alhamisi tarehe 6. Mhakiki anaipitia Ijumaa tarehe 7. Jumamosi ni Nane Nane kwenu, na Nairobi ofisi haifanyi kazi mwisho wa wiki. Jumatatu tarehe 10 faili linakwenda kwa anayerudisha, ambaye hajaona Kiingereza cha awali. Maneno 3,400 ni siku mbili. Jumatano tarehe 12 mtu wa Nairobi anaweka Kiingereza cha kwanza na kile kilichorudi kando kwa kando, na palipotofautiana anaandika swali. Maswali hayo yanakwenda kwa nani? Kwa wewe uliyechagua neno. Na wewe uko Wete na vitunguu vyako.

Watafsiri wengi wakiaga hufikiria kazi mpya tu, nani atazipokea. Kazi mpya wakala atapata mtu, ndiyo biashara yake. Kinachomkwamisha ni swali kuhusu kazi ya zamani ambalo mwenyewe tu ndiye mwenye jibu. Kwa fomu ya ridhaa ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ikitoka hapo inakwenda kwenye kamati ya maadili ya utafiti, na kamati ina siku zake za kupokea maombi.

Nikupe mfano niliouona kwa macho. Mtafsiri aliandika kwamba mshiriki "atapangwa kwenye kundi kwa bahati nasibu". Sote tumeliandika hilo. Aliyerudisha akaliandika kwa Kiingereza kama mchezo wa kubahatisha, ule wa tiketi na namba, na hakukosea, ndivyo neno linavyosomeka. Mteja akashtuka: washiriki watadhani tunawachezesha bahati nasibu? Jibu la mtafsiri lilikuwa rahisi, abadilishe iwe "bila kuchaguliwa na mtu yeyote, kama kurusha shilingi", kazi ya dakika tano. Lakini mtafsiri alikuwa safarini. Mhakiki hakutaka kugusa kwa sababu neno lilijirudia mara kumi na moja na lilikuwa pia kwenye fomu nyingine mbili za utafiti huohuo. Faili likakaa siku sita.

Kwa hiyo fomu hii irudishe nyuma. Je, unaweza kuikabidhi Ijumaa hii, tarehe 31?

---

KalamuYaTanga | Jumanne, saa 5 asubuhi

Maneno 3,400... fomu za ridhaa naenda 1,500 kwa siku nikiwa makini. Leo, kesho, Alhamisi asubuhi namaliza, mchana nasoma upya kwenye karatasi, Ijumaa nakabidhi. Inawezekana nikiacha vipande vidogo viwili vya wiki hii.

Na kuhusu kurusha shilingi, mzee umenikamata. Nimeshaandika bahati nasibu kwenye ukurasa wa pili.

---

ChaiNaKamusi | Jumanne, saa 5 asubuhi

Viache vipande. Ukikabidhi tarehe 31, uhakiki unakuwa Jumatatu tarehe 3, kurudisha Jumanne na Jumatano, maswali Alhamisi tarehe 6. Una Alhamisi na Ijumaa za kuyajibu ukiwa bado Tanga.

Sasa mwenzako. Kama ndiye anayerudisha fomu za utafiti huu, hawezi kukushikia kwenye fomu. Anayerudisha anatakiwa aione Kiswahili kama mtu wa nje, bila kujua Kiingereza kilisema nini. Akishika nafasi yako hata kwa ukurasa mmoja, au akajibu swali lako moja, amekwisha kuona kisichomhusu, na kazi yake ya kurudisha haina thamani tena. Watalazimika kutafuta mwingine wa kurudisha. Badala ya kumsaidia msimamizi utakuwa umempunguzia mtu.

Na samahani nikuulize kwa adabu: umejuaje kwamba ni yeye?

---

KalamuYaTanga | Jumanne, saa 6 mchana

Aliniambia mwenyewe. Tulikuwa tunapiga soga akasema "leo nimerudisha fomu imeandikwa vizuri, nahisi mkono wako". Nikacheka tu. Hatukuzungumza yaliyomo.

---

ChaiNaKamusi | Jumanne, saa 6 mchana

Basi iishie hapo hapo. Siku nyingine akihisi mkono wako, asikwambie.

---

Bi_Nukta | Jumanne, saa 7 mchana

Mzee mimi naona alisema neno la kawaida tu kati ya marafiki. Dunia ya watafsiri wa Kiswahili wa nyaraka za afya ni ndogo, kila mtu anajua mkono wa mwenzake. Ukitaka tusijuane, itabidi tuajiri watu wa sayari nyingine.

---

ChaiNaKamusi | Jumanne, saa 7 mchana

Kujuana sawa. Kuambiana ndiko kunakoweza kuulizwa siku moja. Lakini sibishani sana, mimi ni mtu wa zamani.

---

MamaPacha | Jumanne, saa 8 mchana

Nyie mna bahati ya kuaga wiki mbili kabla. Mimi mwaka juzi mtoto mmoja alilazwa usiku na homa kali, nina kazi ya maneno 2,000 ya kukabidhi kesho yake saa nne. Niliandika nikiwa kwenye benchi la wodi, saa sita usiku: "Mtoto amelazwa. Kazi ya kesho haitafika. Nimemaliza sehemu ya 1 hadi 140, faili nimelipakia kama lilivyo. Nitaandika kesho jioni." Basi. Asubuhi nikakuta jibu, wameshampa mtu amalizie kuanzia 141. Kilichosaidia ni ile namba 140. Msimamizi aliniambia baadaye kwamba watu wengi humwandikia aya tatu za huzuni, halafu hakuna anayesema kazi imefika wapi.

Sikuwa na mwenzangu wa kumtaja wala nguvu ya kumtafuta.

---

MsukaManeno | Jumanne, saa 10 jioni

Nimesoma yote. Nywila nafuta kauli, Bi_Nukta kanitisha na hilo la mhakiki. Lakini hoja yangu ya duka hamjaijibu. Akitaja jina, wateja wanahama. Mnampamba huyo mwenzake kwa wema tu.

---

ChaiNaKamusi | Jumanne, saa 10 jioni

Hapo una nusu ya haki. Wakala anaweza kumpenda na hakuna mkataba wa kuzuia hilo, wao ndio wenye mteja. Ila fikiria upande wa pili: usipotaja mtu, wiki ile watampa mtu fulani vilevile, wamtoe kwenye orodha wasiyemjua, na huyo naye wanaweza kumpenda. Tofauti ni kama aliyeshika nafasi yako anakujua au hakujui. Mwenzake atakapoulizwa "wiki ijayo uendelee wewe?" anaweza kusema mwenyewe amerudi. Wa mbali hana sababu ya kusema hivyo.

Haimaanishi atasema. Ndiyo maana unamtaja unayemwamini, si unayemwona hodari tu.

---

KalamuYaTanga | Jumanne, saa 2 usiku

Nimemuuliza mwenzangu kabla ya kuandika, kama mlivyoniambia. Kwa vipeperushi na vipande vidogo yuko tayari, maneno 1,500 kwa siku, ila Ijumaa tarehe 14 mchana hapatikani. Fomu nimemwambia haimhusu, akacheka, akaelewa. Kitu kingine alichonikumbusha mwenyewe: kwao yuko kwenye orodha kwa Kiswahili kwenda Kiingereza tu. Kwa upande wa kuja Kiswahili hawajawahi kumpima.

Na yeye ni wa Mombasa. Wateja wa vipeperushi wengi wanataka `sw-TZ`, yaani Kiswahili cha Tanzania. Namjua, ataandika "nambari ya simu" na "fomu ya idhini" mahali ninapoandika namba na ridhaa. Niseme au ninyamaze? Naona kama ninamchongea.

---

Bi_Nukta | Jumanne, saa 2 usiku

Sema. Ukinyamaza mhakiki wa Tanzania atabadilisha "nambari" zote, ataandika kwenye ripoti "istilahi makosa", na alama za mwenzako zitashuka kwa kosa ambalo si kosa. Kule kwao ni Kiswahili sanifu kabisa. Ukiwaambia mapema, wanampa mhakiki wa huku na maelekezo, na hakuna anayeumia.

---

ChaiNaKamusi | Jumanne, saa 3 usiku

Na hilo la kutopimwa ndilo linalofanya wiki mbili zisiwe nyingi. Kampuni inayofuata ISO 17100, kile kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, haiwezi kumwongezea mwelekeo mpya kwa sababu wewe umesema ni hodari. Itataka kuona vyeti au miaka yake ya kazi kwenye mwelekeo huo, huenda na jaribio la maneno mia mbili tatu, na mhakiki wa kulisoma. Ukituma barua usiku huu wana siku nane za kazi. Ukituma tarehe 7, jina lako zuri la mwenzako litawafikia likiwa halina kazi.

Andika sasa, uilete.

---

KalamuYaTanga | Jumanne, saa 4 usiku

Hii hapa. Nimepunguza samahani kutoka mbili hadi sifuri, mkono ulikuwa unatetemeka.

> Kichwa: Sitapatikana 10 hadi 16 Agosti, na mpango wa fomu ya ridhaa
>
> Habari za jioni dada,
>
> Sitapatikana kuanzia Jumatatu tarehe 10 hadi Jumapili tarehe 16 Agosti kwa shughuli ya kifamilia, na sitasoma barua wala Wasap siku hizo. Kazi ya mwisho ninayoweza kupokea ni ya kukabidhi Ijumaa tarehe 7 saa sita mchana. Narudi Jumatatu tarehe 17 saa mbili asubuhi.
>
> Fomu ya ridhaa ya maneno 3,400 iliyopangwa tarehe 6: naomba niikabidhi Ijumaa hii tarehe 31 Julai, ili maswali yatakayotokea baada ya kurudishwa Kiingereza yanifikie nikiwa bado kazini. Pamoja na faili nitaweka ukurasa mmoja wa maneno niliyoyachagua kwa makusudi na sababu zake, mhakiki autumie kama swali litachelewa.
>
> Kwa vipeperushi na vipande vidogo vya wiki hiyo namshauri mwenzangu wa Mombasa, ambaye mnaye tayari kwenye orodha ya Kiswahili kwenda Kiingereza. Nimemuuliza, yuko tayari, hadi maneno 1,500 kwa siku, isipokuwa Ijumaa tarehe 14 mchana. Amefanya tafsiri za afya kuja Kiswahili kwa miaka sita kwa wateja wengine, ila ninyi hamjampima upande huo. Anaandika Kiswahili cha Kenya, hivyo kazi za sw-TZ zinahitaji mhakiki wa Tanzania. Kwenye fomu za ridhaa simpendekezi, kwa kuwa huwa anawarudishia Kiingereza.
>
> Sijamtumia faili lenu lolote. Mkiona anafaa, naomba mzungumze naye moja kwa moja kuhusu bei na masharti.
>
> Wasalaam

---

Kibwana_K | Jumanne, saa 4 usiku

Hiyo "sitasoma Wasap" umeandika kwa ujasiri gani, dada yetu. Nakupa siku mbili.

---

ChaiNaKamusi | Jumanne, saa 5 usiku

Tuma. Ile kalenda ya kwenye mfumo wao nayo uifunge usiku huu, tarehe 10 hadi 16. Kuna vipande ambavyo havipitii kwa msimamizi kabisa, mfumo unavirusha wenyewe kwa walio wazi na kuhesabu nani hajajibu. Ukiiacha wazi utarudi ukute umeandikiwa kukataa mara kumi na tano. Na jibu la otomatiki la barua pepe lisitaje jina la mwenzako, linajibu kila mtu hata wateja wengine.

---

KalamuYaTanga | Ijumaa 31 Julai, saa 11 jioni

Mrejesho. Fomu nimekabidhi leo saa nane. Bahati nasibu imetoka, nimeweka kurusha shilingi na kuieleza kwenye ule ukurasa wa maneno.

Msimamizi alijibu Jumatano mapema, mistari minne tu. Amekubali tarehe ya fomu. Mwenzangu wamempa jaribio la maneno 250, kipeperushi cha kisukari, amekwisha kulirudisha. Kuhusu bei, mwenzangu ameniuliza mimi ninalipwa ngapi, nami nimemkwepa. Nimejisikia vibaya. Yeye ni rafiki, na akitaja ya chini atakuwa amejiumiza na labda na mimi pia.

---

Bi_Nukta | Ijumaa, saa 12 jioni

Mimi ningemwambia. Tunavyofichana ndivyo wanavyotushusha.

---

ChaiNaKamusi | Ijumaa, saa 12 jioni

Mimi nisingemwambia kabla ya kusoma mkataba. Mwambie wewe ungeona haya kwenda chini ya kiasi gani kwa kazi za aina hiyo. Hiyo ni fikra yako, si siri ya kampuni.

---

MsukaManeno | Ijumaa, saa 1 usiku

Mzee hapo umechomoka kama wakili.

---

KalamuYaTanga | Jumanne 18 Agosti, saa 2 usiku

Nimerudi, harusi imekwisha salama, sauti bado sina.

Maswali ya fomu yalikuja Alhamisi tarehe 6 asubuhi, manne. Moja lilikuwa "kujitoa", aliyerudisha alilisoma kama kujitolea, kwa sababu kwenye sentensi moja nilikuwa nimeandika "kujitoa kwenye utafiti" na mstari wa juu yake "washiriki wa kujitolea". Kweli kwa mbali yanafanana. Nikabadilisha likawa "kuacha kushiriki". Ijumaa mchana nilikuwa nimefunga. Kamati ya maadili imepokea faili, ndivyo nilivyoambiwa.

Mwenzangu amefanya vipande vitano, maneno 2,900. Mhakiki alibadilisha "nambari" mara mbili na hakuandika ni kosa. Wasap niliifungua Jumatano usiku, Kibwana_K umeshinda, lakini sikujibu mtu.

Leo msimamizi ameniandikia kwamba wangependa kumweka mwenzangu kama mtu wa pili wa vipeperushi kwa wiki ambazo kazi ni nyingi, na ameniuliza nina maoni gani. Nimejibu ni mtu mzuri, maana ni mtu mzuri.

---

MsukaManeno | Jumanne, saa 2 usiku

Sisemi kitu.

---

ChaiNaKamusi | Jumanne, saa 3 usiku

Tangu jana umepokea vipande vingapi?

---

KalamuYaTanga | Jumanne, saa 3 usiku

Vitatu. Kwa siku mbili huwa vitano au sita. Ila mwezi Agosti mwaka jana nao ulilala hivihivi, nimerudi kuangalia ankara zangu. Nitawaambia Ijumaa vimefika vingapi.